Hekta 12 Zikatwe Wapi? Kisa cha Vipande Viwili vya Msitu wa Maweni, Kusini mwa Unguja

Kamati ya uhifadhi ya shehia moja ya kusini mwa Unguja ilikuwa na vipande viwili vya msitu wa maweni, kila kimoja hekta 36, na wanakijiji walikuwa wameomba hekta 12 kwa ajili ya kuni na kilimo. Ombi lenyewe halikuwa na ubishi, kwa sababu mashamba ya mihogo yaliyopo yalikuwa yamechoka. Ubishi ulikuwa juu ya mahali pa kukata, na niliitwa nisaidie hesabu. Mzee mmoja wa kamati alinipokea kwa swali ambalo ndilo kisa chote: "Mwanangu, hekta 36 na hekta 36 si sawasawa? Basi tukate popote palipo karibu na njia."

Kipande cha kwanza, ambacho nitakiita Kipande cha Mashariki, kinakaribia mraba wa mita 600 kwa 600. Cha pili, nitakachokiita Ukanda, ni kirefu na chembamba, takriban mita 1,800 kwa 200, nacho kimelala kati ya kipande cha kwanza na msitu mkubwa ulio upande wa magharibi. Baina ya Ukanda na Kipande cha Mashariki kuna mita 60 za shamba la mihogo, na baina ya Ukanda na msitu mkubwa kuna mita 40 za uwanda uliokatwa. Mipaka halisi haijanyooka hivyo, lakini tuliinyoosha kwenye karatasi ili kila mjumbe aweze kuhakiki hesabu kwa mkono wake, na baadaye nitaeleza tulichokiona tuliporudi kwenye mipaka halisi.

Msitu haufanani tangu mpaka wake hadi katikati. Karibu na mpaka jua hupenya kutoka ubavuni, udongo hukauka upesi, mitambaazi hushika miti, na watu hukata kuni wakiwa na shamba lao machoni. Ukiingia ndani, athari hizo hupungua hadi hali inatulia. Umbali kutoka mpakani hadi pale inapotulia ndio kina cha ukingo, na sehemu inayobaki ukiuondoa ukanda huo wote wa pembeni ndiyo kiini cha msitu. Mzingo wa mraba wetu ni mita 2,400, na wa mstatili wetu ni mita 4,000. Hekta ni zilezile, lakini Ukanda una mita 1,600 zaidi za mpaka wa kuingiliwa.

Kigezo cha umbo hulipima jambo hili kwa kulinganisha mzingo wa kipande na mzingo wa duara lenye eneo lilelile:

```
umbo = P / (2 * sqrt(pi * A))
```

Hapa P ni mzingo kwa mita na A ni eneo kwa mita za mraba. Duara kamili hupata 1, na hakuna umbo linaloweza kushuka chini ya hapo. Kipande cha Mashariki kilipata 1.13 na Ukanda 1.88. Kigezo hiki kinafaa kuonyesha kwamba vipande viwili havifanani, lakini hakimwambii mtu ni hekta ngapi za kiini zilizobaki, kwa kuwa hakijui kina cha ukingo. Kipande cha hekta 3,000 chenye umbo baya kinaweza kuwa na kiini kikubwa kuliko kipande cha hekta 5 kilicho duara safi.

Kwa hiyo swali la kwanza la kweli lilikuwa kina cha ukingo, na hapa ndipo wengi huchukua namba ya mahali pengine. Katika utafiti mkubwa wa vipande vya msitu karibu na Manaus nchini Brazili, ulioanza mwaka 1979, vifo vya miti visivyo vya kawaida vilionekana hadi mita 300 kutoka mpakani. Hiyo ni misitu mirefu sana, ambamo upepo ukipata upenyo huangusha majitu. Msitu wetu wa maweni ni mfupi, una mashina membamba yaliyobanana na mizizi iliyoshika jiwe. Kuipachika namba ya Manaus hapa kungefanya vipande vyote viwili visiwe na kiini hata kidogo, na kamati ingerudi nyumbani bila jibu.

Tulipima wenyewe. Tulinyoosha kamba sita kutoka mpakani kwenda ndani, kila moja mita 150, na kila baada ya mita 10 tuliandika joto la hewa saa sita mchana, kiasi cha mwanga kinachofika chini, na idadi ya visiki vilivyomo ndani ya hatua tano kila upande. Joto na mwanga vilitulia kwenye mita 40 hivi katika mipaka mingi, na karibu mita 60 upande wa kusini, unaopigwa na kusi. Visiki havikuafikiana na kipimajoto. Viliendelea kuonekana hadi mita 90 na zaidi, kisha vikaadimika, kwa sababu mkataji kuni hatazami kivuli, hutazama umbali atakaoubeba mzigo juu ya mawe makali. Tukakubaliana kutumia vina viwili badala ya kimoja: mita 50 kwa hali ya hewa ya msituni, na mita 100 kwa usumbufu wa watu. Namba moja ingependeza kwenye ripoti, lakini ingeficha kwamba hizi ni athari mbili zenye vyanzo viwili tofauti.

Kwa kina cha mita 50 unaondoa mita 50 kila upande, yaani mita 100 kwenye urefu na mita 100 kwenye upana. Mraba unabaki mita 500 kwa 500, sawa na hekta 25. Ukanda unabaki mita 1,700 kwa 100, sawa na hekta 17. Kwa kina cha mita 100, mraba unabaki mita 400 kwa 400, ambazo ni hekta 16, na Ukanda haubakizi chochote, maana upana wake wote ni ukingo wa upande huu uliokutana na ukingo wa upande ule. Yule mzee alirudia hesabu hiyo kwa kijiti mchangani, mara mbili, kisha akasema kwamba basi jibu limepatikana: ukatwe Ukanda, kwa kuwa si msitu, ni ua.

Kabla ya kufika kwenye hoja hiyo, kulikuwa na pendekezo jingine lililopendwa na wengi kwa kuwa lilionekana la haki: kila kaya ipewe nusu eka kasoro kidogo mahali inapopataka, ili asiwepo anayepata mawe matupu. Viwanja 60 vya hekta 0.2 ni hekta 12 kamili. Lakini kiwanja cha hekta 0.2 kilichokatwa katikati ya msitu kina nusu kipenyo cha mita 25 hivi ukikifanya duara, na ukiongeza mita 50 za ukingo kila upande unapata duara la mita 75, ambalo ni hekta 1.8 kasoro kidogo. Zidisha kwa 60 na utapata zaidi ya hekta 106, wakati vipande vyote viwili kwa pamoja ni hekta 72. Bila shaka maduara yangepishana, lakini maana yake ni kwamba kiini kingekwisha kabisa, huku mtu akitazama picha ya setilaiti angeona asilimia 83 ya msitu ipo. Tanuu moja la chokaa msituni hufanya vivyo hivyo: uwazi wa nusu kipenyo cha mita 20, ambao ni kama sehemu ya nane ya hekta, hula zaidi ya hekta moja na nusu za kiini. Pendekezo la viwanja lilikufa hapo.

Yakabaki machaguo matatu. La kwanza ni kukata ukanda wa mita 200 kwa 600 upande mmoja wa Kipande cha Mashariki, kibaki mita 600 kwa 400. La pili ni kuupunguza upana Ukanda kutoka mita 200 hadi 133. La tatu ni kukata mita 600 za mwisho wa Ukanda, upande unaopakana na Kipande cha Mashariki, ambako njia ya gari inafika. Kwa kina cha mita 50, chaguo la kwanza linaacha jumla ya hekta 32 za kiini, la pili karibu hekta 31, na la tatu hekta 36. Kwa kina cha mita 100, la kwanza linaacha hekta 8, na mengine mawili yanaacha hekta 16. Ukihesabu kiini peke yake, chaguo la tatu linashinda katika vina vyote viwili, na hoja ya mzee inathibitika.

Ila Ukanda haukuwa na thamani kwa sababu ya kiini chake. Thamani yake ni kwamba umelala kati ya pande mbili. Wanyama waliotuhusu walikuwa wawili. Kima punju, ambaye asili yake ni Unguja pekee, hahofii ukingo sana. Huonekana hata mashambani akila majani machanga. Paa nunga ni mwoga, hujificha vichakani, na ni windo la siku nyingi. Kwa kima, Ukanda ni njia. Kwa paa nunga, Ukanda ni njia yenye gharama, na gharama hiyo inabidi iingie kwenye hesabu.

Njia ya kawaida ya kukadiria uwezekano wa mnyama kuvuka nafasi ni kuufanya upungue kadiri umbali unavyoongezeka:

```
p = exp(-d / a)
```

Hapa d ni umbali wa kuvuka, na a ni wastani wa umbali ambao mnyama huyo huthubutu kwenda kwenye uwazi. Tulitumia a ya mita 300. Hiyo ni dhana yetu, haikupimwa kwa mnyama yeyote, na nitarudi kwake. Bila Ukanda, nafasi kati ya Kipande cha Mashariki na msitu mkubwa ni mita 1,900, na p yake ni 0.0018. Ukanda ukiwepo, nafasi za wazi ni mita 60 na mita 40 tu, na p inakuwa 0.72.

Namba hiyo ya pili ndiyo hudanganya watu. Inachukulia kwamba kutembea mita 1,800 ndani ya Ukanda hakumgharimu mnyama chochote, na kwa kima punju hilo halina ubaya mkubwa. Kwa paa nunga ni kosa, kwa sababu tumekwisha kuona kwamba kwa kina cha mita 100 Ukanda wote ni ukingo. Kwa hiyo tuliupa gharama ya robo: kila mita nne ndani ya Ukanda zihesabiwe kama mita moja ya uwazi. Mita 1,800 zikawa 450, ukiongeza 100 za uwazi wa kweli unapata 550, na p ikashuka hadi 0.16. Hiyo ni ndogo, lakini bado ni mara 90 ya ile ya kukosa Ukanda.

Sasa chaguo la tatu lilionekana kwa sura nyingine. Ukikata mita 600 za mwisho, uwazi unafika mita 700, Ukanda uliobaki una gharama ya mita 300, jumla ni 1,000, na p inaanguka hadi 0.036. Ili kulinganisha na hekta za kiini, tulijiuliza mnyama anayeishi Kipande cha Mashariki anafikia kiini kiasi gani kwa jumla: kile alichonacho, pamoja na kiini cha msitu mkubwa kilichozidishwa kwa p. Kiini cha msitu mkubwa, kwa kina cha mita 100, tulikipima kuwa hekta 900. Chaguo la kwanza linatoa 8 na 144, yaani hekta 152. Chaguo la tatu linatoa 16 na 32, yaani hekta 48. La pili hatukulichelewesha: Ukanda wa mita 133 wenye uzi wa kiini wa mita 33 kwa kina kidogo, na usio na kiini kwa kina kikubwa, ungepandisha gharama ya kupita, na mtu yeyote aliyekata mzigo mmoja pembeni angeukata uzi wenyewe. Hizi si hekta za kugawa kwa kamba, ni namba za kupanga machaguo kwa daraja, na nilisisitiza hilo mara kadhaa kwa kuwa karatasi ina tabia ya kusahau.

Jibu lililotoka likawa kinyume na mazoea. Kipande chenye umbo zuri na kiini kikubwa ndicho kinachopaswa kupunguzwa, kwa kuwa kinaweza kupoteza ubavu mmoja na bado kikawa na kiini, na kile chembamba kisicho na kiini chochote kwa kipimo kikali ndicho kisichoguswa. Mzee hakuridhika upesi, na alikuwa na haki ya kuuliza: kama ile robo ni dhana tu, je, dhana ikikosea? Tulijaribu. Tukipandisha gharama ya Ukanda kidogo kidogo, chaguo la kwanza linaendelea kushinda hadi gharama inapofika karibu 0.62, yaani mnyama anapouona Ukanda kuwa si bora sana kuliko shamba la mihogo. Zaidi ya hapo Ukanda haumsaidii tena, na ni bora kuulinda mraba wote. Kwa hiyo hatukuhitaji kujua gharama kamili, tulihitaji kujua tu kama iko chini ya sita kati ya kumi. Kinyesi cha paa na njia zake nyembamba tulizozikuta katikati ya Ukanda, bila kuziona shambani, zilitutosha kwa hilo. Kwa ile a ya mita 300 jibu ni legevu zaidi, kwa sababu mkia wa fomula hii hushuka kwa kasi na huzidisha tofauti pale umbali unapokuwa mrefu. Ile "mara 90" nisingeitangaza popote.

Tuliporudi kwenye mipaka halisi tuliyoitembea na jipiesi, kiini cha mita 50 kilishuka hadi hekta 23 kwa Kipande cha Mashariki na 14 kwa Ukanda, na cha Ukanda kilikuwa kimekatika vipande vitatu, kwani kuna sehemu mbili ambazo upana wake haufiki mita 100. Mpangilio wa machaguo haukubadilika. Hesabu hii katika programu ya QGIS ni mstari mmoja:

```
area(buffer($geometry, -50)) / 10000
```

Makosa mawili ya hapa niliyafanya mwenyewe. La kwanza ni kuacha ramani katika nyuzi za latitudo na longitudo, ambapo programu huondoa nyuzi 50 badala ya mita 50. Utalijua kwa sababu kila kipande kitakuwa na kiini sifuri, hata msitu mkubwa. Kwa Unguja ramani igeuzwe kwanza kuwa `EPSG:32737`, ambayo hupima kwa mita. La pili ni la siri zaidi. Nililinganisha kigezo cha umbo cha kipande tulichokitembea na cha kipande kilichochorwa kutoka picha ya setilaiti ya vijiraba vya mita 30. Mpaka wa vijiraba hupanda na kushuka kama ngazi, na ngazi hiyo haifupiki hata vijiraba vikiwa vidogo kiasi gani: duara kamili likichorwa hivyo hupata umbo la karibu 1.27 badala ya 1. Kipande cha setilaiti kilionekana kibaya kuliko kilivyo. Jipiesi ya mkononi nayo ina kosa lake, kwa kuwa msomo unaoyumba chini ya miti huongeza mzingo usiokuwepo. Eneo la kiini halidhuriki sana na makosa haya, na ndiyo maana nalipendelea kuliko kigezo cha umbo.

Ubavu uliokatwa ulikuwa wa kaskazini mwa Kipande cha Mashariki. Kusini tulipakwepa kwa ajili ya kusi, ambako tayari kina kilikuwa mita 60, na magharibi ndiko Ukanda unakokutana nacho. Ukingo mpya haufikii kina chake siku ya kwanza: miti iliyozoea kivuli huchukua misimu kadhaa kukauka au kuvikwa mitambaazi, kwa hiyo kamba zitanyooshwa tena hapohapo, kuanzia alama za rangi tulizoziweka kwenye mawe.

Likabaki shamba la mihogo la mita 60. Sheha aliuliza kama linafaa kuhangaikiwa, ikiwa ni hekta 1.2 tu. Likiachwa lichipue hadi liwe kichaka kama Ukanda, mita 60 zinakuwa 15 kwa gharama, jumla inashuka kutoka 550 hadi 505, na p inapanda kutoka 0.16 hadi 0.186. Mara hekta 900, hilo ni ongezeko la hekta 23 hivi za kufikika, karibu mara tatu ya zile hekta 8 za kiini zilizopotea kaskazini. Sharti ni kwamba pasipite gari: pale Jozani, ambako barabara inakatiza makazi ya kima punju, ilibidi yawekwe matuta kwa sababu kima walikuwa wakigongwa, na uwazi wa mita kumi wenye magari si sawa na uwazi wa mita kumi wenye mihogo. Mwenye shamba alikubali kubadilishana na eneo katika zile hekta 12 za kaskazini, akachagua kipande chenye udongo kidogo kati ya mawe, na akaomba avune mihogo yake kwanza.